Madoa ya mashavuni baada ya kuzaa: kumbe sanskrini nyeupe haitoshi

Nilipokuwa na mimba ya miezi sita nikaanza kuona mashavu yote mawili yanafanya weusi kama ramani, na juu ya mdomo pia. Mamangu akasema ni mtoto tu, ukizaa yataisha. Nikazaa, mtoto akafika miezi minane, madoa bado yapo.

Yanaitwa melazma. Homoni za mimba huamsha chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, halafu jua linazichochea zaidi, na kwenye familia zingine yamo kwenye damu. Kwa kawaida yanatokea pande zote mbili, hayawashi wala hayavimbi, kwa hiyo ikiwa lako ni la upande mmoja au linawasha, muone daktari wa ngozi maana huenda ni kitu chengine.

Mie nilikuwa napaka sanskrini, krimu ya kukinga jua, ya SPF 50 kila asubuhi, na madoa yalikuwa hayatingishiki! Daktari akaniuliza ni ya rangi gani, nikamwambia nyeupe. Akanieleza kwamba kwa ngozi za kahawia kama zetu, hata ule mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho unatia weusi, sio ile miale ya jua isiyoonekana peke yake, na sanskrini nyeupe haiuzuii vizuri. Inatakiwa yenye rangi, ile inayofanana na faundesheni, yenye oksaidi ya chuma. Kwenye paketi tafuta CI 77491, 77492 au 77499. Chora mistari miwili ya sanskrini kwenye vidole viwili, hicho ndicho kipimo cha uso na shingo, upake tena kila saa mbili ukiwa nje. Buibui inafunika kichwa lakini mashavu yanabaki wazi, na pale kwenye foleni ya feri Likoni hakuna kivuli cha maana, kwa hivyo mie na mwavuli ndio sote.

Kwa vile nilikuwa nanyonyesha akanipa krimu ya asidi ya azelaiki asilimia 20, ile dawa nyengine ya kufifisha weusi, haidrokwinoni, akasema tuiwache kwanza. Wiki za mwanzo ilikuwa inachonyota. Miezi miwili sikuona kitu, nikakaribia kuitupa, wa tatu kingo zikaanza kufifia, na kufika wa sita yalikuwa yanaonekana kwa karibu tu. Kuisha kabisa hayakuisha.

Shoga yangu yeye alinunua krimu isiyo na lebo, wiki mbili uso ukang'aa. Alipoacha, madoa yakarudi meusi kuliko mwanzo na chunusi juu yake, ngozi imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Hizo mara nyingi zina steroidi, zingine zebaki, na mtoto anakulalia shavuni, jamani. Limau pia usipake, ukitoka nalo juani linaunguza na kuacha weusi mpya.

Mwezi uliopita nikaenda Diani siku tatu bila kofia. Yamerudi, hafifu, shavu la kushoto zaidi. Nimeanza krimu tena.