Mkishapatana bei ya slabu, bado kuna kazi

Mwenye nyumba kule Mtopanga anavutana bei na fundi kuanzia saa tatu hadi saa sita, wanafika shilingi 180,000 za leba, wanapeana mikono na kila mmoja anashika njia yake. Bei imepatikana, lakini kazi yenyewe haijapatanwa. Ugomvi mwingi wa slabu hapa Mombasa hauletwi na bei. Unaletwa na yale ambayo kila mtu aliyachukulia kuwa yamo ndani ya bei hiyo, mwenzake akayachukulia kuwa hayamo.

Tuishike slabu hiyo ya Mtopanga, futi 30 kwa 28, unene inchi 6. Mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi analeta watu. Kabla hamjaachana, kaeni tena robo saa mtaje kwa sauti vitu ambavyo havina mwenyewe. Cha kwanza ni ngazi. Fundi akisema slabu huwa anahesabu sakafu na mihimili yake. Mwenye nyumba akisikia slabu anaona na ngazi ya kupandia juu. Ngazi ina mbao zake, chuma chake na siku zake za kazi, kwa hiyo andikeni wazi kama imo au ina bei yake kando. Kisha mashine ya kuchanganyia zege na ile ya kuishindilia, nani anakodi, na mafuta yake nani analipa? Misumari na waya wa kufungia vyuma je?

Maji ndiyo yanayosahaulika kuliko yote, na huku kwetu ndiyo yanayouma. Mfereji unaweza kukauka siku nyingi, na visima vingi vina maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayafai kwa zege yenye chuma, kwani chumvi hukaribisha kutu, chuma kikavimba na kupasua zege miaka ikipita. Basi mkataba useme: maji matamu ya kuchanganyia na ya kumwagilia yatalipwa na mwenye nyumba, yawe yamefika kwenye tangi kabla ya siku ya kumwaga. Useme pia nani atamwagilia slabu asubuhi na jioni kwa angalau siku 7. Jambo hilo lisipoandikwa, fundi atadhani ni kazi ya mlinzi, na mlinzi atadhani ni ya fundi.

Malipo yafuateni kazi inayoonekana kwa macho, si tarehe. Kwa 180,000 mgao wa kufaa ni huu: 36,000 watu wakishafika na mbao kuanza kupigwa, 54,000 mbao zote zikiwa zimesimama na chuma kimefungwa na kukaguliwa, 63,000 jioni ya kumwaga zege, na 27,000 za mwisho nguzo za muda na mbao zikishaondolewa. Ile ya tatu ilipwe jioni hiyo hiyo, kwa sababu siku ya kumwaga vibarua huwa wengi na fundi hawezi kuwalaza na njaa. Ile ya mwisho ndiyo inayomrudisha fundi. Nguzo zisiguswe kabla ya siku 21, isipokuwa mhandisi wenu amesema vingine, na kufikia wakati huo fundi ameshaanza kazi nyingine Likoni au Mtwapa. Ukiwa umemaliza kumlipa, utaziondoa mwenyewe.

Mbao nazo ziwe na mstari wake. Zihesabiwe zinapofika, mkaandika idadi na zilinunuliwa na nani, na zitakuwa za nani kazi ikiisha. Fundi wengi huona mbao zilizotumika ni zao, na mwenye nyumba anazitarajia kwa ajili ya dari. Hakuna mwizi hapo, ni kwamba hakuna aliyesema.

Andikeni kwa Kiswahili, kwa maneno mnayotumia kwenye mjengo. Mkataba wa mwanasheria ulionakiliwa kutoka kazi nyingine haumsaidii fundi asiyeuelewa, na wewe haukusaidii siku ukiulizwa kama alijua alichotia sahihi. Kurasa mbili zinatosha. Wekeni majina kamili na namba za vitambulisho, shahidi mmoja wa kila upande, sahihi kwenye kila ukurasa, nakala mbili. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi wake mwenyewe, kisha aweke dole gumba. Sheria ya Kenya inaweza kuukubali mkataba wa kazi hata wa mdomo, lakini wa mdomo utauthibitishaje? Kuuza au kununua ardhi ni jambo jingine: huko lazima iwe maandishi, yenye sahihi na mashahidi.

Kabla ya sahihi, pimeni kama mmeelewana. Kuuliza "umeelewa?" hakufai. Mtu wa pwani ana adabu, atakujibu "haina neno, mama" hata kama kuna neno. Muombe akueleze yeye. "Fundi, hebu nihesabie, jioni ya kumwaga zege nitakuwa nimekulipa ngapi kwa jumla?" Jibu ni 153,000. Akisema 180,000, mmegundua tatizo likiwa bado kwenye karatasi. Muulize pia, "Vibarua wakifika na maji hayapo, siku hiyo ni ya nani?" Naye apewe nafasi ya kukuuliza wewe, maana mwenye nyumba pia husikia anachotaka kusikia. Sentensi ambayo mmoja wenu ameieleza vingine irudiwe kuandikwa hapo hapo.

Sasa ufuatiliaji. Piga picha kila ukurasa, mtumie fundi kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, na umuombe ajibu kwamba amepata. Chagueni siku mbili za kukutana mjengoni, nazo ziwe na tarehe ndani ya mkataba: siku ya kukagua chuma kabla ya zege, na siku ya kuondoa nguzo. Kila malipo yapite M-Pesa, yafuatwe na ujumbe mfupi: "Nimetuma 54,000, awamu ya pili, imebaki 90,000." Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha kwamba pesa zilitoka, hauonyeshi zilikuwa za nini. Mvua ikizuia kazi, iandikwe siku ile ile ili isihesabiwe. Na kazi ya nyongeza, hata kibaraza kidogo, isianze kabla bei yake haijajibiwa kwa maandishi. "Tutaangalia baadaye" ndiyo hugharimu zaidi.

Wekeni pia njia ya kutokea. Fundi asipoonekana siku 7 bila taarifa, mtapima kazi iliyokwisha mbele ya mashahidi wale wale, alipwe stahiki yake, uwe huru kutafuta mwingine. Mkishindwana, anzeni kwa mzee wa mtaa. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Hapo karatasi zenu mbili na zile jumbe ndizo zitakazosema.

Siku nguzo zinapoondolewa, hesabuni mbao, angalieni chini ya slabu kama kuna sehemu chuma kinaonekana au zege ina matundu, na zirekebishwe kabla ya 27,000 kutoka. Kisha andikeni chini ya mkataba, kwenye nakala zote mbili: "Kazi imekaguliwa na kupokelewa, malipo yote 180,000 yamekamilika, mbao zimekabidhiwa kwa mwenye nyumba." Tarehe, sahihi mbili, na mashahidi wakiwapo.