Kupitia ombi la wananchi kabla halijafika kwa Mkurugenzi

Huku kwetu Lindi vijiji vingi vina boma la zahanati: kuta zilizoinuliwa kwa michango na nguvu za wananchi, zikasimama kwenye lenta kwa kukosa mbao na mabati. Boma la aina hiyo likikaa misimu miwili au mitatu ya mvua bila kupauliwa, tofali za juu huanza kumomonyoka, na ndipo wananchi huamua kuiandikia halmashauri. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiletewa barua hizo ili nizisome kabla hazijapelekwa. Nitaeleza namna ninavyozipitia kwa kutumia moja iliyotoka katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Lindi, ambacho sitakitaja jina.

Ninapoisoma barua najiweka kwenye kiti cha mtu atakayeijibu. Barua hupokelewa masijala, hufikishwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, naye huandika maelekezo pembeni na kuishusha kwa mkuu wa divisheni inayohusika. Huyo wa mwisho ana mafaili mengi mezani, na hutafuta kwanza mambo ambayo anaweza kuyajibu kwa mistari miwili na kulifunga jalada. Kila sentensi inayompa nafasi hiyo ni sentensi ya kurekebishwa.

Barua niliyoletewa ilikuwa na kichwa kisemacho "Kilio cha wananchi kuhusu huduma mbovu". Ndani yake kulikuwa na zahanati, barabara, kisima kilichoharibika na umeme, na ilimalizika kwa kuiomba Serikali "iwaangalie wananchi kwa jicho la huruma". Barua hiyo haiombi jambo ambalo mtu anaweza kukubali au kukataa. Zaidi ya hapo, mengi yaliyoorodheshwa hayako mikononi mwa halmashauri moja kwa moja. Barabara za wilaya na vijijini zinasimamiwa na TARURA tangu 2017, maji ya vijijini yako chini ya RUWASA iliyoanzishwa kwa sheria ya 2019, na umeme una wenyewe. Mkuu wa divisheni angejibu kwa haki kabisa kwamba barua imepelekwa kwa taasisi husika, na suala la zahanati, ambalo ni la halmashauri, lingezama humo humo.

Tulikaa na halmashauri ya kijiji tukaondoa kila kitu isipokuwa zahanati, na mengine yakaandikiwa barua zake. Kisha tukaliandika ombi hivi: "Tunaiomba Halmashauri itenge katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai fedha za kupaua boma la zahanati ya kijiji chetu, yaani mbao, mabati na ufundi, kwa makadirio yatakayothibitishwa na Mhandisi wa Halmashauri. Tunaomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 30." Wapo waliotaka tuongeze mganga, muuguzi na dawa. Niliwashauri tusubiri, kwa sababu zahanati haifunguliwi kabla jengo, choo na kichomea taka havijakaguliwa, na kuomba mtumishi wa jengo lisilo na paa ni kumpa mjibuji sentensi yake ya kwanza.

Majira ya kupeleka barua nayo ni sehemu ya ombi. Rasimu ya bajeti ya halmashauri hupitishwa na baraza la madiwani katika miezi ya mwanzo ya mwaka, baada ya mapendekezo ya vijiji kupita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Barua ikifika Aprili, hata ikiwa nzuri kiasi gani, itaambiwa ingoje mwaka unaofuata. Hiyo yetu ilipelekwa Oktoba.

Anwani pia inahitaji jicho. Iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi sasa inaitwa Halmashauri ya Wilaya ya Mtama, na kata za upande wa Mchinga zilihamishiwa Manispaa ya Lindi, lakini bado naletewa barua zenye anwani ya zamani kwa sababu mwandishi amenakili barua ya miaka iliyopita.

Baada ya ombi nilipitia maelezo, nikiwa na kalamu nyekundu, na kila dai nililipigia mstari na kuuliza: nani anaweza kulithibitisha, na kwa karatasi gani? Barua ilisema zahanati ya jirani iko kilomita 30. Kijana wa bodaboda alikwenda na kurudi akisoma mita ya pikipiki yake, akapata kilomita 17. Wazee walisikitika, wakiona namba ndogo inapunguza uzito wa shida. Lakini mkuu wa divisheni anazifahamu barabara za wilaya yake, na akikuta uongo katika aya ya pili hataiamini aya ya tatu. Tukaandika kilomita 17, tukaongeza kwamba bonde lililopo njiani hujaa maji masika na njia hukatika, na tukaweka tarehe za kukatika huko kwa msimu uliopita kama zilivyoandikwa katika daftari la Mtendaji wa Kijiji. Kilomita 17 ambazo hazipitiki kwa siku zinazojulikana zina nguvu kuliko 30 za kukisia.

Kulikuwa pia na dai kwamba wananchi wamechanga zaidi ya shilingi milioni 20. Stakabadhi zilizokuwa kwa mhasibu wa kijiji zilijumlisha shilingi 5,910,000. Tofauti hiyo haikuwa ya wizi: watu walikuwa wamehesabu tofali walizofyatua, mchanga waliosomba na siku walizofanya kazi, kila mmoja kwa bei aliyoona inafaa. Tuliandika fedha zenye stakabadhi peke yake, na katika sentensi ya pili tukataja idadi ya tofali na aina ya kazi bila kuzigeuza kuwa fedha. Hali kadhalika, barua ilidai kwamba "halmashauri haijawahi kuchangia chochote", wakati fundi mwenyewe alikumbuka saruji iliyoletwa na halmashauri wakati wa msingi. Tukaitaja saruji hiyo na kuishukuru. Kuificha kungemwezesha mjibuji kutuma nakala ya hati ya kupokelea saruji na kuishia hapo.

Sentensi iliyonipa kazi kubwa ni ile iliyosema akina mama wengi wamefariki njiani. Jambo zito namna hiyo haliandikwi kwa neno "wengi". Tulipouliza, yaliyoweza kuthibitishwa ni matukio ya wanawake waliojifungua njiani, na kadi zao za kliniki zilionyesha hivyo. Tuliandika mwezi wa kila tukio na kituo walichofikishwa, kwa ridhaa yao, bila majina yao.

Sasa nije kwenye saini, ambako ndiko maombi mengi huharibikia. Barua ilikuwa na mistari 246 yenye majina. Nilipozitandaza karatasi mezani niliona kwamba zile tatu za mwisho, zenye majina 96, zilianza kuhesabu upya kutoka namba moja, hazikuwa na kichwa cha habari, na sehemu ya juu ilikuwa imefunikwa wakati wa kutoa fotokopi. Miongoni mwa majina hayo lilikuwamo la afisa ugani ambaye si mkazi wa kijiji hicho. Yalikuwa mahudhurio ya mkutano wa ugawaji wa salfa ya mikorosho. Aliyeyaweka hakuwa na nia mbaya, alifikiri kwamba waliohudhuria mkutano ni wanakijiji walewale. Hata hivyo, saini ni ridhaa ya mtu kwa maneno aliyoyasoma au kusomewa, na mtu mmoja tu akijitokeza na kusema "mimi nilisaini salfa", kurasa zote zitatiliwa shaka. Tuliziondoa zote 96, na waliotaka wakasaini upya.

Kinga ya tatizo hilo ni kuandaa fomu vizuri tangu mwanzo. Juu ya kila ukurasa liandikwe ombi lenyewe kwa ukamilifu, tarehe, na "ukurasa wa 3 kati ya 10", ili karatasi isiweze kuhamishwa kwenda au kutoka kwenye jambo jingine. Safu ziwe za majina matatu, kitongoji, saini au dole gumba, na tarehe. Majina matatu ni lazima katika mikoa yetu hii, kwani Hamisi Saidi wanaweza kuwa wanne katika kijiji kimoja. Niliwahi kuona jina lililorudiwa likikatwa kwa haraka, kumbe ni watu wawili wa vitongoji viwili, babu na mjukuu. Namba ya NIDA siitaki kwenye fomu. Karatasi hizi hupita mikono mingi, na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kukusanya taarifa usiyoihitaji ni kujitafutia matatizo. Daftari la wakazi lililo kwa Mtendaji wa Kijiji linatosha kumtambua mtu.

Katika mistari iliyobaki nilitafuta mwandiko na wino unaofanana mfululizo. Mara nyingi ni baba aliyesaini kwa niaba ya mke, mama na watoto wake wakubwa. Hao hatukuwafuta moja kwa moja, bali tuliwafuata nyumbani kila mmoja asaini mwenyewe, na waliokataa waliondolewa bila kuulizwa sababu. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba, na shahidi asiye mkusanyaji wa saini akaandika jina lake pembeni. Wanafunzi walio chini ya miaka 18 tuliwaondoa, kwa kuwa si wajumbe wa mkutano mkuu wa kijiji.

Tulibaki na majina 187. Hapo tulifanya kipimo ambacho sasa sikiachi: tulichukua kila jina la kumi, yaani watu 18, na mtu ambaye hakushiriki kukusanya saini akawaendea kwa swali moja tu, "Barua uliyosaini inaomba nini?" Usiulize kama alisaini barua ya zahanati, kwa maana kila mtu atasema ndiyo. Kumi na sita walijibu kwamba ni kupaua zahanati, mmoja alikuwa amesafiri Newala, na mmoja alisema ni malipo ya korosho. Jibu hilo moja lilitufanya tuurudie ukurasa wake wote. Ilidhihirika kwamba mkusanyaji wa kitongoji hicho aliwaambia watu maneno mengine ili wasaini upesi. Ukurasa ulisomwa upya hadharani, watu wanne wakajitoa, na ombi likaenda na majina 183.

Halisi ilipelekwa kupitia kwa Mtendaji wa Kata, nakala kwa Diwani, na nakala ya kijiji ikagongwa muhuri wa kupokelewa masijala wenye tarehe. Muhuri huo ndio unaoanzisha hesabu ya siku 30. Jibu lilipokuja, tuliliweka kando ya ombi na kusoma sentensi kwa sentensi: lilikubali mbao na mabati, likanyamaza kuhusu ufundi. Barua ya pili, ya aya moja, iliuliza kuhusu ufundi peke yake, ikitaja kumbukumbu namba ya jibu hilo.