Miadi mipya ya kushusha mzigo: usisogeze gari kwa neno la simu

Swali: "Lori letu limechelewa, ghala la mteja limekataa kulipokea. Karani wa mapokezi kasema kwa simu 'leteni kesho mchana'. Hiyo inatosha, au kuna kitu cha kudai kwanza?"

Haitoshi, ndugu. Kesho getini dereva wako hatakutana na huyo karani. Atakutana na mlinzi mwenye orodha ya magari ya siku hiyo, na gari lisilo kwenye orodha linabaki nje hata kama mzigo unasubiriwa ndani. Kitu cha kudai ni namba mpya ya miadi, kwa maandishi.

Tuseme una katoni 600 za mafuta ya kula kwenye paleti 10, kutoka Dar kwenda Dodoma. Miadi ilikuwa Jumanne saa 3 asubuhi, foleni ya mizani Vigwaza ikala muda, gari likafika saa 6 mchana.

Kabla ya kuomba muda wowote, angalia tarehe ya mwisho ya LPO, yaani oda ya manunuzi uliyopewa na mteja. Watu wengi hulikosa hili. Ghala nyingi zinazotumia mfumo wa kompyuta hazipokei mzigo kwa LPO iliyopita tarehe, kwa sababu mfumo hautoi hati ya kupokelea. Kama LPO inaisha Jumanne, miadi ya Jumatano ni bure. Anayeongeza siku ni mtu wa manunuzi, si wa mapokezi, kwa hiyo mpigie yeye kwanza, kisha ndipo urudi mapokezi kuomba nafasi. Ukianza na mapokezi utapewa nafasi nzuri tu, na tatizo litajitokeza gari likiwa tayari mlangoni.

Jambo la pili ni ile miadi ya Jumanne. Kwenye baadhi ya mifumo, miadi isiyofungwa inaendelea kuishikilia LPO, na karani akijaribu kuingiza mpya inakataa. Akiwa na haraka, anaweza kuiandika pembeni kwenye daftari na kukwambia "tayari". Kwa hiyo omba kwa maneno wazi kwamba ya zamani ifungwe.

Ujumbe wangu kwa kawaida unakuwa hivi, kwa barua pepe, nakala kwa manunuzi:

"Naomba uthibitisho wa miadi mipya. LPO namba …, mwisho wake Ijumaa. Miadi ya awali namba …, Jumanne 09:00, tafadhali ifungwe. Miadi mipya: Jumatano tarehe …, saa 8 mchana (14:00). Mzigo: katoni 600, paleti 10. Gari namba …, tela namba …, dereva …, sili namba …. Naomba namba ya miadi mpya, na namba ya gari iingizwe kwenye orodha ya geti."

Saa iandike kwa namna zote mbili, kama hapo juu. Wewe ukisema "saa 8", karani anaweza kuingiza 08:00, na gari lako likifika mchana mfumo unaonyesha limechelewa tena, safari hii kwa muda wa saa 6 nzima. Majibu yakija, soma hiyo saa kabla ya kitu kingine chochote. Kisha linganisha namba ya gari na ya tela herufi kwa herufi, hasa kama mzigo umehamishiwa gari jingine au dereva amebadilishwa. Sili ikiwa imekatwa njiani kwa ukaguzi, tuma namba ya sili mpya na sababu mapema. Ukiacha mpaka getini, mapokezi wana haki ya kuhesabu katoni moja moja, na nafasi yako ya kushusha itaisha katikati ya hesabu.

Ukikaa bila jibu, hujathibitishiwa. Piga simu, uliza "namba ya miadi ni ipi?" Karani aliyeingiza kweli anaisoma hapo hapo. Akianza kuzunguka, ujue haijaingia.

Asubuhi ya Jumatano piga tena, safari hii getini, uulize kama gari limo kwenye orodha. Dereva awepo nusu saa kabla, dilivari noti na nakala ya LPO mkononi. Na namba ya miadi mpya aiandike juu ya dilivari noti kwa kalamu, maana simu ya dereva huzima chaji wakati mbaya kabisa.

Mwisho, Jumanne gari lilipokataliwa, hakikisha dereva aliandikishwa kwenye kitabu cha geti, saa ya kufika ikiwemo, na aupige picha ukurasa huo. Kukiwa na mabishano ya nani alipe gharama ya gari kulala, mstari huo ndio utakaoonyesha mlichelewa kwa kiasi gani, na kwamba hamkuacha kufika.