SACCOS yenye watumishi wawili: nani ashike pesa, nani ashike leja

SACCOS nyingi ndogo zina mtumishi mmoja anayefanya karibu kila kitu. Anapokea marejesho dirishani, anaandika risiti, anapeleka pesa benki, anajaza leja za wanachama, na mwisho wa mwezi analinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Meneja yupo, ila kazi yake ni kusaini. Bodi inaridhika kwa sababu mahesabu yanakutana kila mwezi. Hapo ndipo tunapoomba bodi isiridhike haraka, maana kuna wizi ambao mahesabu ya benki hayauoni kabisa.

Tuufuatilie kwa tarakimu. Jumatatu mwanachama wa kwanza analeta rejesho la shilingi 300,000. Keshia anatia pesa mfukoni na haandiki kitu kwenye leja. Alhamisi anakuja mwanachama wa pili na shilingi 350,000. Katika hizo, keshia anaandika 300,000 kwenye leja ya yule wa kwanza na 50,000 tu kwenye leja ya huyu aliyelipa, kisha anapeleka benki 350,000 kamili. Wiki inayofuata wa tatu analeta 400,000: 300,000 zinakwenda kuziba pengo la wa pili, 100,000 zinabaki kwa wa tatu. Na 400,000 zote zinafika benki.

Angalia kilichotokea. Kilichoandikwa kwenye leja ni 750,000, kilichoingia benki ni 750,000. Usuluhisho wa benki unatoka safi, ingawa 300,000 hazipo. Pengo limehama tu kutoka kwa mtu hadi mtu, na litaendelea kuhama maadamu aliyepokea pesa ndiye anayeamua ziandikwe kwa nani. Akichukua tena, pengo linakua, na anahitaji marejesho makubwa zaidi ili kuliziba. Kwa hiyo hawezi kuugua wala kwenda likizo. Mtumishi asiyekosa ofisini hata siku moja kwa miaka husifiwa kwenye mkutano mkuu, na mara nyingi anastahili sifa hizo. Lakini kwa mkaguzi hiyo ni sababu ya kufungua leja.

Dawa ni kutenganisha mkono unaoshika pesa na mkono unaoandika leja. Wahasibu hutaja kazi nne zisizopaswa kukaa kwa mtu mmoja: kuidhinisha, kutunza mali, kuandika kumbukumbu na kulinganisha. Bodi zikisikia nne hukata tamaa, kwa kuwa hawana watu wanne. Si lazima wawe wanne. Kwenye marejesho, keshia na meneja wanatosha, pamoja na mtu mmoja wa kamati ya usimamizi anayefika mara moja kwa mwezi.

Keshia apokee, ahesabu mbele ya mwanachama, aandike risiti, apeleke pesa benki. Leja na kitabu cha mwanachama asiviguse. Mwanachama akitoka dirishani aende na risiti yake kwa meneja, naye ajaze leja na kitabu papo hapo. Hapa kuna jambo dogo ambalo likipuuzwa linaharibu mpango mzima: meneja aandike kutoka risiti halisi aliyoishika mwanachama, asiandike kutoka nakala iliyobaki kitabuni. Nakala inaweza kuchezewa. Keshia akitoa karatasi ya kaboni, anamwandikia mwanachama 350,000 juu, kisha anaijaza nakala peke yake kwa 50,000. Meneja anayesubiri nakala jioni atajaza leja ya uongo kwa moyo mweupe kabisa. Jioni kazi yake ni nyingine: kujumlisha alichojaza siku hiyo, kulinganisha na jumla ya nakala, na kesho yake kudai slipu ya benki yenye kiasi hichohicho. Pesa za Jumatatu zikiingia benki Alhamisi, aulize siku hiyohiyo.

Meneja akiwa safarini, mwanachama abaki na risiti na kitabu kisubiri. Keshia asikijaze “kwa niaba”. Mpango huu huanza kuvunjika kwa siku moja ya namna hiyo, kwa nia njema, halafu siku moja inakuwa desturi.

Vitabu vya risiti visivyotumika vifungiwe kwa meneja. Keshia apewe kimoja kwa saini, namba ya kwanza na ya mwisho zikiandikwa kwenye rejista, na asipate kingine mpaka arudishe kilichokwisha. Risiti iliyoharibika ibaki kitabuni, halisi pamoja na nakala zake, imekatwa kwa mstari. Ikiwa risiti halisi haipo na nakala imeandikwa “imefutwa”, mtafute mwanachama mwenye jina hilo.

Mtu wa kamati ya usimamizi achukue taarifa ya benki mwenyewe kutoka benki. Ikipitia mikononi mwa keshia, kazi imeisha kabla haijaanza, kwa sababu karatasi huchapishwa upya. Lakini tumeshaona kwamba benki peke yake haitoshi. Achague leja 10, safari hii wenye mikopo mikubwa, safari ijayo wanaoonekana kuchelewa, awapigie wanachama wenyewe na kuwauliza salio wanalolijua wao. Mwanachama akisema “mimi nimelipa kila mwezi” na leja ikasema ana deni la miezi miwili, pengo limepatikana.

Ile likizo nayo itumike. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Hakikisha angalau wiki mbili zinafuatana, na dirisha likae na mtu mwingine. Pengo linalohama huonekana haraka anapokosekana wa kulihamisha.

Marejesho yakipitia lipa namba, noti zinapungua dirishani, lakini kugawana kazi kunabaki palepale. Anayejua namba ya siri ya kutoa pesa asiwe anayejaza leja. Upande wa malipo kosa tunalolikuta sana ni hundi zilizosainiwa zikiwa tupu kwa sababu mtia saini wa pili anasafiri. Saini mbili za namna hiyo ni saini moja. Hata benki ya mtandaoni ni vivyo hivyo: mwandaaji akiwa na nywila ya mwidhinishaji, na simu inayopokea msimbo ikiwa droo moja na kompyuta, malipo yote ni ya mtu mmoja.

Vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotumia sanduku la kufuli tatu vinaielewa hoja hii bila mhasibu. Funguo zinashikwa na watu watatu, na anayelala na sanduku nyumbani hana hata ufunguo mmoja.

Mpango huu una mipaka, na bodi iijue mapema. Keshia na meneja wakikubaliana, hauzuii kitu, kwa hiyo mtu na mkewe, au ndugu wawili, wasigawiwe kazi hizi mbili. Wala haumlindi mwanachama anayelipa na kuondoka bila risiti, kwa kuwa pesa hizo hazijaandikwa popote pa kulinganisha. Huyo analindwa na bango la dirishani lenye maneno machache: hujalipa mpaka meneja ajaze kitabu chako. Libandikwe upande anaosimama mwanachama, na chini yake iwekwe namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati ya usimamizi.