Afisa wa namba tano

Swali la wiki: "Umehamia kompaundi mpya na umeunganishwa kwenye grupu la wakazi. Unajitambulishaje kwa meseji fupi, ya kirafiki na isiyo na majivuno?"

Mimi nasema usitume kabisa. Piga hodi mlango kwa mlango kama walivyofanya wazee wetu, yaishe. Hili swali limenigusa kidonda nilichodhani kimepona, ndo maana nimekaa kuandika saa hizi badala ya kulala.

Sisi tulihamia Tabata mwaka 2021, fensi moja nyumba tisa, geti moja, simtanki mbili za kuchangia. Ilikuwa Jumamosi, kirikuu imepiga tripu mbili za vyombo, mapacha wanalia njaa, luku ina yuniti tatu. Saa mbili usiku mwenye nyumba akaniunga kwenye grupu la wasapu na mimi nikaona nisionekane mshamba, acha nijitambulishe fasta. Sasa mimi ni mtu wa ofisini, nafanya manunuzi, mkono wangu umezoea barua. Nikakaa juu ya godoro lililokunjwa nikaandika hivi, naikumbuka neno kwa neno kwa sababu nimechekwa nayo miaka:

"Habari za jioni wapendwa majirani. Kwa heshima na taadhima naomba kujitambulisha kwenu." Halafu majina yangu yote matatu. Halafu "Afisa Manunuzi Mwandamizi mwenye uzoefu wa miaka 12, baba wa mapacha." Halafu "nimefurahi sana kuwa sehemu ya familia hii, naamini kwa pamoja tutaijenga kompaundi yetu, msisite kunitafuta kwa ushauri wowote." Nikamalizia na vikopa vitatu na yule katuni anayecheza mduara.

Kimya. Nikaibonyeza meseji nione walioisoma, watu 19. Tisa mara mbili na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyesema karibu. Nikamwambia mke wangu hawa watu wana roho mbaya, tumeingia pabaya. Dakika kama kumi hivi ikaingia "Poleni sana, Mungu awatie nguvu." Nikadhani kakosea grupu. Ikaja nyingine pole, ikaja nyingine, mara mama wa namba mbili akaandika mchango ni elfu kumi kila nyumba, tumeni kwenye namba yangu.

Kumbe baba wa namba sita alikuwa amefiwa na mama yake mzazi jioni ile. Tanzia iliwekwa saa kumi na mbili, mimi nimeunganishwa saa mbili, na za nyuma kwangu hazikuonekana, kwangu grupu lilikuwa jeupe kama daftari jipya. Watu wanalia, mimi nimeleta katuni anayekata kiuno. Nikakimbilia kufuta kwa wote, ikabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa, na tayari kuna kijana alishainukuu na kuweka alama ya kuuliza.

Mke wangu alisema neno moja tu, "Nenda." Nikaenda na kandambili zile zile za kubebea vyombo. Wanaume wamekaa nje kwenye viti vya plastiki, wengine wanafunga turubai, mzee mmoja akanipa kamba nishike, nikashika. Akaniuliza, "Wewe ndo Afisa?" Nikasema ndiyo shikamoo. Akasema marahaba, vuta zaidi. Mpaka leo naitwa Afisa, hadi yule wa mkaa dukani anajua Afisa wa namba tano.

Mngedhani imeishia hapo. Maiti ilikuwa inasafirishwa Lushoto, koasta ya wafiwa itoke saa kumi na moja alfajiri. Nikarudi nyumbani saa saba usiku nimechoka, nikalala. Saa kumi na moja na nusu nasikia honi, honi, watu wanagonga milango, "Aisti ya silva ya nani?" Jamani ilikuwa ya kwangu. Niliipaki mbele ya koasta, pale nilipokuta nafasi, sikujua ndo njia ya kutokea. Na walipita nyumba kwa nyumba kuuliza, wamemwamsha hadi bibi wa namba nane, maana hakuna aliyejua gari ni la nani. Baba wa namba sita mwenyewe, mfiwa, ndo aliyenigongea. Hakunitukana. Alisema, "Samahani jirani, naomba utusaidie kusogeza gari," na mimi natetemeka funguo siioni, iko ndani ya sufuria, mke wangu aliiweka huko isipotee.

Hapo ndo penyewe. Kwenye meseji yangu ile ndefu kama risala ya mgeni rasmi, nilisema cheo, nilisema uzoefu, sikusema nimehamia namba ngapi wala kwamba nina gari. Vitu viwili pekee ambavyo jirani angevihitaji alfajiri ile.

Nimekuwa na msimamo wangu wa usitume tangu hapo, na ndo nilikusudia kuuandika. Ila nikiwa naandika nimemkumbuka dada wa namba saba aliyehamia mwaka jana. Alikaa kimya siku mbili kwanza, akasalimia watu pale kwenye maji, siku ya tatu saa kumi na moja jioni akatuma: "Habari za jioni majirani. Mimi ndo mpangaji mpya namba 7, niko na mdogo wangu. Vitzi nyekundu ni yangu, ikiziba njia nipigieni kwa namba hii muda wowote. Asanteni kwa kutupokea." Basi. Karibu zikamiminika, kuna mtu akampa hadi namba ya fundi bomba. Sijui anafanya kazi gani mpaka leo na hainisumbui, ingawa mke wangu inamsumbua. Na ile wiki nyingine kreti za soda zilipokuwa zinashushwa tukampigia saa nne usiku, akatoka na khanga akasogeza, hakuna aliyegonga mlango wa mtu.

Kwa hiyo sawa, meseji ina kazi yake, nakubali, japo haichukui nafasi ya hodi. Yule dada alikuwa ameshaonekana sura ndo maana mistari minne ilimtosha.

Lakini muwe makini jambo moja. Grupu letu lina watu 31 na nyumba ni tisa. Wapangaji waliohama hawatolewi, yumo fundi umeme, yumo dalali, yumo mmoja aliyefukuzwa kwa kutolipa kodi. Ukiandika naishi peke yangu, natoka zamu za usiku, mwisho wa mwezi nasafiri, unamwambia na huyo. Namba ya nyumba yenyewe inatosha kuwa siri iliyotoka, ila hiyo haina jinsi.

Niseme ukweli, sisi tunahama mwezi ujao, mwenye nyumba anauza. Meseji ya huko tunakokwenda nimeshaiandika, iko kwenye simu, mistari mitano, nitamuuliza mlinzi kwanza kama pako salama, hakuna msiba, ndo niitume. Nimempa mke wangu aisome. Amefuta neno moja tu, "familia". Anasema hao hawajatuzaa, kwanza watuone.