Kuunganisha ERP: moja kwa moja au kupitia basi la huduma?

"Wakuu, tuna ERP, mishahara, ghala, mauzo na benki. Tuunganishe moja kwa moja au tuweke basi la huduma katikati?"

Mkuu, kwa mifumo mitano viungo vya moja kwa moja bado vinabebeka. Shida ni kwamba kila kiungo kina tafsiri yake ya data. Kwetu tuliongeza namba ya bidhaa kutoka tarakimu 8 hadi 10, kiungo cha ghala kikakata mbili za mwisho kimyakimya. 4500012301 na 4500012302 zikawa bidhaa moja, tukagundua siku ya kuhesabu stoo.

Basi la huduma, yaani programu ya katikati inayopitisha ujumbe wa mifumo yote, hutafsiri mahali pamoja. Ila mimi nalipendea foleni zaidi: ERP ikizimwa usiku, mauzo yanasubiri badala ya kupotea. Tahadhari, likikosa jibu hutuma ujumbe uleule tena, na ankara inaweza kuingia mara mbili. Kila ujumbe upewe namba ya pekee, na ERP ikatae namba iliyokwisha kuipokea.

Halafu kuna foleni ya ujumbe ulioshindikana, lazima mtu aifungue kila asubuhi. Kama huna mtu huyo, basi la huduma lisubiri kwanza.