Notisi ya siku 90 kwa halmashauri

"Greda la halmashauri limebomoa ukuta wangu. Nishaandika barua ya malalamiko. Naweza kufungua kesi sasa?"

Pole sana, dada. Bado usifungue. Hapa Tanzania, kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, kinataka kwanza notisi isiyopungua siku 90, na tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimo. Barua ya malalamiko haitoshi, maana haisemi kuwa utashtaki.

Andika barua mpya yenye kichwa "Notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki". Mwelekezee Mkurugenzi, kisha eleza tarehe ya tukio, kiwanja, kilichovunjwa, msingi wa dai lako na fidia unayodai. Nakala wapelekee Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Peleka kwa mkono masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Muhuri huo ndio ushahidi wako.

Siku zihesabu kuanzia kesho yake. Notisi ikipokelewa Machi 3, siku ya 90 ni Juni 1, kwa hiyo unafungua Juni 2 au baadaye, Mahakama Kuu, ukimuunganisha Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa. Ukimwacha, shauri linaharibika. Ukiwahi hata siku moja, linaondolewa, na nimeona watu wakirudi mwanzo hivyo.

Wakitishia kubomoa na nyumba ndani ya siku hizo, muone wakili haraka aombe Mahakama Kuu zuio la muda, maarufu kama Mareva.